Naomba ushauri: ikisiri ya tasnifu imerudi mara ya tatu na swali lilelile, "Matokeo yako wapi?"

Mwandishi wa Usiku

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu. Nahitimisha tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya ya *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Sura zote tano zimepita kwa msimamizi. Kilichobaki ni ikisiri tu, isiyozidi maneno 300. Nimeiandika mara tatu, mara tatu imerudi, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu maneno yaleyale: "Matokeo yako wapi?" Mimi naona yamo. Naiweka kama ilivyo, msinionee huruma:

"Tasnifu hii inahusu usawiri wa mwanamke katika riwaya ya *Vuta N'kuvute*. Riwaya ni utanzu muhimu wa fasihi andishi unaoakisi maisha ya jamii. Kwa muda mrefu mwanamke amekuwa akikandamizwa katika jamii nyingi. Utafiti huu utachunguza namna mwandishi alivyomsawiri Yasmin. Data zitakusanywa maktabani na kuchambuliwa kwa kuongozwa na nadharia ya Ufeministi. Utafiti umebaini kuwa mwandishi amemsawiri mwanamke kwa namna mbalimbali, chanya na hasi. Inapendekezwa kuwa jamii iache mila zinazomkandamiza mwanamke."

Bint Mapokeo

Pole dada. Tatizo naliona: hujaeleza hadithi. Mtu ambaye hajaisoma riwaya hatajua Yasmin ni nani, Raza ni nani, waingereza wanaingiaje. Anza na muhtasari wa riwaya, aya moja nzima, kisha ndiyo uingie kwenye utafiti.

Sura Tano

Mimi nilimaliza miaka michache iliyopita na ikisiri yangu ilipita bila shida. Nilieleza kila sura: sura ya kwanza ina usuli na tatizo la utafiti, ya pili mapitio ya maandiko, ya tatu mbinu, ya nne uchambuzi, ya tano hitimisho. Halafu rekebisha nyakati za vitenzi. "Utachunguza" na "zitakusanywa" umezihamisha kutoka kwenye pendekezo la utafiti. Kazi imeshafanyika, sema "ulichunguza", "zilikusanywa".

Mzee wa Rasimu

Sura Tano yuko sahihi kabisa kuhusu vitenzi. Nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi, na kitenzi cha wakati ujao ndicho kinachomwambia mtahini kwamba ikisiri ilinakiliwa kutoka kwenye pendekezo na haikuandikwa baada ya uchambuzi. Kwa orodha ya sura tutatofautiana. Zipo idara zinazoitaka, basi mtu afuate mwongozo wa idara yake. Isipotakiwa, inakula maneno 80 au 100 kueleza kitu ambacho yaliyomo yanakieleza tayari.

Bint Mapokeo, ikisiri ni ya utafiti, si ya riwaya. Yasmin anahitaji maneno matano ya kumtambulisha, "binti aliyeozwa kwa mwanamume mzee", basi. Mengine yaingie pale tu yanapobeba tokeo.

Sasa Mwandishi, chukua sentensi yako ya "namna mbalimbali, chanya na hasi". Futa jina la riwaya, weka riwaya nyingine yoyote unayoijua. Imesimama, sivyo? Hilo ndilo msimamizi anakuuliza. Sentensi inayoweza kuandikwa kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza haiwezi kuitwa tokeo. Umetuambia ulitazama wapi, hujatuambia uliona nini. Fungua sura yako ya nne, tafuta aya ambayo ulipoiandika ulijiambia "kumbe!", utuletee hapa kwa maneno yako ya kawaida, bila "utafiti umebaini".

Mwandishi wa Usiku

Ahsante Mzee. Nimerudi kwenye sura ya nne. Nilipoanza nilidhani Denge ndiye anayemfungua Yasmin macho, kwa sababu ndiye mwanasiasa, anapinga ukoloni, na Yasmin anampenda. Lakini nilipofuatilia matukio nikaona kwamba kabla ya Denge yupo Mwajuma. Yasmin anamkimbia mumewe Raza, jamaa zake wanamkataa, Mwajuma anampokea. Ni akiwa kwa Mwajuma ndipo anapoanza kuishi kwa kutaka kwake. Kwa hiyo nimeona urafiki wa wanawake hawa wawili ndio unaomfungulia mlango, na mapenzi yanafuata.

Mzee wa Rasimu

Hilo ndilo tokeo, na ulikuwa umelificha ndani ya "chanya na hasi". Ona linavyovuta sentensi nyingine zote. Lengo haliwezi tena kuwa "kuchunguza usawiri wa mwanamke", maana hukuchunguza wanawake wote. Ulichunguza kinachomwezesha Yasmin kujiamulia, na ulitaka kujua kama ni mapenzi yake kwa Denge au ni kitu kilichotangulia. Andika hivyo. Lengo likiwa swali lenye njia mbili, msomaji anafika kwenye tokeo akiwa tayari anataka jibu.

Mbinu nayo. "Data zilikusanywa maktabani" inatuambia ulikokaa. Haituambii ulichofanya na kitabu. Ulifuatiliaje hayo matukio?

Mwandishi wa Usiku

Niliweka alama kila mahali Yasmin anapohama makazi au anapoingia na kutoka katika uhusiano. Kwa kila tukio niliandika mambo mawili: nani ameamua, na wakati huo Yasmin anaishi kwa nani. Nilikuwa na jedwali, liko kwenye kiambatisho.

Mzee wa Rasimu

Una jedwali na hukulitaja! Hiyo ndiyo mbinu yako. Iandike kwa sentensi moja, na idadi ya matukio uiweke.

Kidato cha Mwisho

Samahani kuingilia. Yangu ni ya riwaya pia ila niliwahoji wasomaji 20. Msimamizi alinilazimisha niandike "usampulishaji lengwa" kwenye ikisiri. Je, Mwandishi naye asiandike kwamba aliiteua riwaya kwa usampulishaji lengwa?

Mzee wa Rasimu

Kwako linafaa kwa sababu uliwachagua watu kati ya watu wengi kwa vigezo, na msomaji anataka kujua vigezo hivyo. Mwandishi ana riwaya moja. Akisema aliipata kwa usampulishaji, amevaa koti la mwenzake. Aseme tu kwa nini ni hii, kama nafasi inaruhusu.

Mwandishi wa Usiku

Nimejaribu upya jana usiku. Naomba mnipige:

"Utafiti huu ulichunguza kinachomwezesha Yasmin, binti aliyeozwa kwa mwanamume mzee katika riwaya ya *Vuta N'kuvute* (Adam Shafi, 1999), kujiamulia mambo yake. Lengo lilikuwa kubaini iwapo uwezo huo unatokana na mapenzi yake kwa Denge, mpinzani wa ukoloni, au na mambo yaliyotangulia mapenzi hayo. Kwa mbinu ya uchambuzi matini, kila tukio ambalo Yasmin anahama makazi au anaingia na kutoka katika uhusiano liliwekewa alama (matukio [idadi]), kisha likachunguzwa nani anaamua na Yasmin anaishi kwa nani wakati huo. Ufasiri wa matukio uliongozwa na nadharia ya Ufeministi. Utafiti umebaini kuwa Yasmin hafanyi uamuzi wowote wake mwenyewe hadi anapopokewa na Mwajuma baada ya jamaa zake kumkataa. Urafiki huo ndio unaompa nafasi ya kuchagua, na uhusiano wake na Denge unazaliwa ndani ya nafasi hiyo. Inapendekezwa kuwa jamii iache mila zinazomkandamiza mwanamke."

Sura Tano

Nakiri hii ni bora kuliko yangu. Nimeielewa bila kuisoma tasnifu.

Msomaji wa Pwani

Nimeisoma riwaya hii mara nyingi na kuna neno moja linanikereketa: "hafanyi uamuzi wowote". Dada, kumkimbia Raza ni uamuzi wa nani? Ni wake! Anaufanya kabla Mwajuma hajampa hata mkeka. Mtahini wa nje aliyekisoma kitabu ataanzia hapohapo, na ataanza kukutilia shaka mpaka mwisho.

Mwandishi wa Usiku

Ewe! Na kwenye jedwali langu tukio hilo limeandikwa "ameamua: Yasmin". Nilitaka sentensi iwe na nguvu nikaipita data yangu mwenyewe.

Mzee wa Rasimu

Msomaji wa Pwani amekusaidia kuliko mimi. Usilitupe tokeo, lipunguze hadi lienee data. Kuna tofauti kati ya uamuzi wa kukataa na uamuzi wa kutaka. Kumkimbia Raza ni kukataa, na anakataa peke yake. Kutaka kunaanza akiwa kwa Mwajuma. Jaribu hivi: "Utafiti umebaini kuwa uamuzi wa kwanza wa Yasmin, kumkimbia mume, ni wa kukataa na anaufanya peke yake, maamuzi ya kuchagua anachokitaka yanaanza baada ya kupokewa na Mwajuma." Sasa inasema mambo mengi zaidi, tena kwa sauti ya chini. Ila kaangalie jedwali kama linaibeba, usiichukue kwa sababu nimeisema mimi.

Na pendekezo la mwisho lifute. Ulichambua kitabu kimoja, hukuichunguza jamii wala mila zake. Hakuna kitu katika jedwali lako kinachokupa haki ya kuiambia jamii iache jambo. Pendekeza kinachotoka kwenye tokeo: kwa mfano, kwamba urafiki wa wahusika wa kike uchunguzwe katika riwaya nyingine kabla ya kudhani kwamba mpenzi mwanasiasa ndiye anayewazindua.

Bint Mapokeo

Hapo sikubali, Mzee. Fasihi inaihusu jamii. Mtu asome miaka miwili halafu asiseme lolote kuhusu wanawake walio hai?

Mzee wa Rasimu

Aseme katika sura ya tano, akiwa na nafasi ya kujenga hoja. Kwenye ikisiri sentensi hiyo inasimama bila mguu. Najua wapo wasimamizi wanaoitaka, na wakiitaka mwanafunzi hana budi.

Msomaji wa Pwani

La mwisho kwangu. Bukheti yuko wapi? Mwisho wa riwaya Yasmin anaolewa naye. Ikiwa tokeo lako ni kwamba nafasi ya kuchagua inatoka kwa Mwajuma, ndoa hiyo ni ya kuchagua au ni ya kutulia baada ya misukosuko? Ikisiri imenyamaza, nami nashuku sura ya nne imenyamaza pia.

Mwandishi wa Usiku

Haijanyamaza, lakini ina aya moja tu, na nimeandika kwamba ndoa hiyo "inathibitisha uhuru wake". Nikiisoma sasa sioni nilithibitisha kwa tukio gani. Nimefuta pendekezo, nimebadilisha sentensi ya tokeo, idadi ya matukio nitaijaza nikishahesabu upya. Ya Bukheti naipeleka kwa msimamizi kabla ya ikisiri, maana naona huenda ikabidi nifungue tena sura ya nne. Msomaji wa Pwani, wewe unaiona ndoa hiyo vipi?

Msomaji wa Pwani

Nimebadilisha mawazo mara mbili nikiandika jibu hili. Ngoja nikasome tena kurasa za mwisho, nitarudi.