Picha za upande wa wanawake: kuzitoa kwenye simu bila waya wala wingu, ni salama kweli?

Mpiga Picha, Kibokoni: Nimepiga harusi upande wa wanawake kwa simu, kama GB 40 hivi. Bibi harusi na mamake wamesema hata picha moja isipande mtandaoni. Tundu la chaji halishiki waya tena. Nizipeleke vipi kwenye laptopu, na je, ni salama kuliko wingu au najidanganya tu?

Fundi, Mwembe Tayari: Simu yenyewe iwe ndiyo seva, dada. Zima data, kisha washa hotspoti ya simu na laptopu ijiunge nayo. Ndani ya simu weka programu ya kusimamia faili yenye FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya mashine, kama Material Files. Ukiiwasha itakuandikia anwani, mfano:

```
ftp://192.168.43.1:2121
```

Yako huenda ikawa na tarakimu nyingine, andika ile unayoiona. Usiiandike kwenye Chrome, maana waliondoa FTP tangu 2021. Fungua File Explorer ya Windows, iandike pale juu penye njia ya folda, ubonyeze Enter. Ingia `DCIM`, halafu `Camera`, ukopi kama unavyokopi kutoka flashi.

Baba Wawili: GB 40 kwa hotspoti? Huyo atamaliza bando la mwezi mzima!

Fundi, Mwembe Tayari: Halimaliziki, mzee, nimesema data izimwe. Faili zinatoka simu kwenda laptopu hapo hapo mezani, haziendi kwa kampuni ya simu. Kinacholiwa ni muda na chaji. Hotspoti ikiwa ya 2.4 GHz utapata kama MB 4 kwa sekunde, hivyo karibu saa tatu. Ukiibadilisha iwe 5 GHz na laptopu ikaikubali, nusu saa hivi.

Salma wa Kizingo: Mimi sikubali kwamba hiyo ni salama kuliko wingu. FTP haifichi kitu. Nenosiri na picha zenyewe zinapita wazi, na aliye kwenye waifai ile ile akiwa na ujuzi kidogo atazisoma. Wingu angalau linafunga njia nzima.

Fundi, Mwembe Tayari: Hapo umenena kweli, lakini nusu. Ni hatari ukitumia waifai ya mkahawa au ya jengo. Hotspoti yako ina ulinzi wa WPA2 unaoficha yanayopita hewani na nenosiri lako, na aliyemo ni wewe na laptopu yako. Ila zima Anonymous login, uweke jina na nenosiri, ukimaliza uizime seva. Asiyetaka FTP kabisa atumie LocalSend pande zote mbili, hiyo inafunga njia. Mimi kwa faili mia sita napenda kuona folda nzima nichague mwenyewe.

Shangazi wa Bamburi: Mimi yangu yalinipata kwingine. Nilihamisha picha za mwanangu bila intaneti kabisa, nikajiona mjanja, nikaziweka folda ya Pictures. Jioni laptopu ikashika waifai ya nyumbani, na asubuhi nikaziona zote kwenye akaunti yangu ya mtandaoni. Folda ile ilikuwa imeunganishwa na wingu tangu siku nilipoinunua, wala sikujua.

Salma wa Kizingo: Ndiyo ninayosema! Mnabishana njia, na mlango uko mwisho wa safari.

Fundi, Mwembe Tayari: Hilo nakubali mikono miwili. Tengeneza `C:\Harusi`, nje ya Desktop, Documents na Pictures. Ukiona kijiwingu kidogo kando ya jina la folda, usiweke kitu humo. Na simu yenyewe iangalie, programu ya picha ikiwa na Backup imewashwa, itazipandisha mara tu ukishika waifai.

Msafiri wa Likoni: Laptopu ikiibwa kwenye feri je? Wingu lingemwokoa.

Salma wa Kizingo: Lingemwokoa mpiga picha. Bibi harusi hajaomba aokolewe, ameomba asionekane.

Msafiri wa Likoni: Na akija mwakani kutaka albamu, zimepotea?

Mpiga Picha, Kibokoni: Nimerudi. Simu faili 634, laptopu 634, nikafurahi. Kisha nikafungua video ya kutiwa hina, ikakatika katikati. Kwenye simu ni GB 2.1, kwenye laptopu MB 700.

Fundi, Mwembe Tayari: Skrini ilijizima, simu ikailaza programu ikisema inaokoa betri. Iruhusu ifanye kazi nyuma bila kubanwa, uirudie hiyo moja. Hesabu ya faili haitoshi, linganisha jumla ya ukubwa wa folda zote mbili. Usifute kwanza.

Mpiga Picha, Kibokoni: Mamake anataka nifute leo, mbele yake.

Shangazi wa Bamburi: Mwambie asubiri hiyo video ifike. Na ukifuta, pipa la simu nalo ulimwage akiona, maana humo hukaa siku 30.