Fyuzi ya taa imefungwa waya mnene, nibadili niweke breka?

Wakuu habari, naomba ushauri. Nimepanga Tandika, nyumba ya zamani bado ina zile fyuzi za kigae za kufunga waya. Ya taa ilikuwa inakatika kila mpangaji mwenzangu akichomeka pasi kwenye holda ya taa, sasa juzi fundi kaifunga kipande cha waya wa soketi, ule wa 2.5, eti haitasumbua tena. Kweli haisumbui, ila mi ndo naogopa, maana waya wa taa darini ni 1.5, unabeba kama ampea 15 hivi, na hicho kipande hakikatiki hata zikipita 100, kwa hiyo shoti ikitokea unaoungua ni waya wa darini, na juu kule mbao tupu! Swichi nayo naisikia ya moto, plastiki inanukia.

Mwenye nyumba anataka fyuzi za kopo, kweli zina ampea zake ila ikiungua unanunua nyingine, na watu wanazizungushia foili ya sigara. Breka ikijikata unairudisha tu, ikijikata tena ujue tatizo lipo. Sasa kwa taa niweke ya 10 au 16? Na huo waya uliokwisha pata moto ubadilishwe kwanza?