Naomba ushauri: jedwali la marejeleo, safu ya hoja kuu
Habari zenu wakubwa, tunafanya projekti ya shule juu ya sangara wa Ziwa Viktoria na mwalimu anataka jedwali lenye chanzo, hoja kuu, kinafaaje na taarifa za rejeleo. Mwenzangu kwenye hoja anaandika "inahusu sangara", mi naona hiyo ni mada tu, nimeweka "sangara walioletwa miaka ya 1950 walipunguza sana samaki wadogo wa asili waitwao nkejje", na kwenye kufaa nimeandika itasaidia sehemu ya chanzo cha tatizo ila haigusi bei za samaki Jinja, iko sawa? Halafu PDF ya wizara haina mwandishi, naanza na jina la wizara au kichwa? Na ukurasa, skrini inaonyesha 14 lakini chini pameandikwa 6, nifuate ipi?