Barua kwa fundi wa Iyumbu: nikate nini?

Mama Neema, Leicester
Mbukwenyi ndugu zangu. Namwandikia fundi anayenisimamia nyumba Iyumbu kwamba nimebadili bati, badala ya geji 30 aweke geji 28. Rasimu imefika kurasa mbili: kiwanja, kibali, msingi, hadi lenta. Yeye yupo tangu msingi. Nikate nini?

Mazengo, Oslo
Kata yote, dada. Aliyechimba msingi humsimulii msingi. "Weka geji 28", basi.

Yohana, Hamburg
Mazengo, kiwanja na kibali viondoke, hapo sina ubishi. Lakini fundi ana saiti nyingine Nala na Kisasa. Nyumba anaijua, makubaliano ya mwisho huenda ameyachanganya na ya mtu mwingine. Uamuzi unaoubadilisha lazima utajwe, la sivyo hajui kipi kimefutwa.

Na sababu ibaki. Mama Neema, kwa nini geji 28?

Mama Neema
Upepo. Jirani bati zake ziling'oka.

Yohana
Basi sentensi hiyo ndiyo ya maana kuliko kurasa zote mbili. Ukiandika "geji 28" tu, atanunua bati nene na kuzipigilia vilevile. Akisikia upepo, anaweza kukwambia tatizo liko kwenye nafasi za papi, au kenchi hazijafungwa vizuri ukutani, na bati nene peke yake haitaokoa paa. Mimi ningeandika hivi:

"Fundi, habari za kazi. Nyumba ya Iyumbu: tulikubaliana bati geji 30. Nafikiria geji 28 kwa sababu ya upepo; za jirani ziling'oka. Je, inatosha, au tusogeze papi na kuongeza kufunga kenchi? Usilipie bati kabla hujanijibu."

Kila sentensi iulize: nikiiondoa, jibu lake litabadilika? Kiwanja ukikitoa, halibadiliki. Upepo ukiutoa, linabadilika. Na ukiona amejibu kuhusu kibali wakati wewe umeuliza bati, ujue swali lako lilizama chini ya historia.

Rehema, Muscat
Mimi fundi wangu wa Chamwino aliondoka, amekuja mwingine. Naye nimwandikie kifupi hivyo? Halafu fedha mnatumia njia gani?

Yohana
Huyo wako, dada Rehema, anaiona nyumba ila hajui mlikubaliana nini. Mwandikie maamuzi yaliyobaki hai, yule wa kwanza alivyoondoka usimweleze. Fedha tuanzishie mada yake.

Mama Neema
Asante kaka. Ila fedha anashika baba mkwe, naye lazima asome barua hiyohiyo. Geji haijui.

Mazengo
Mwekee mzee maelezo chini, baada ya swali.

Yohana
Mimi ningemwandikia mzee yake peke yake. Fundi akiona maelezo ya geji atadhani unamfundisha kazi.

Mazengo
Barua mbili? Siku bei mpya ikiingia kwenye moja tu, watagombana hao.