Mjadala: ramani ya Ngorongoro, mwanga utoke wapi?

kijana_karatu: Wakuu, nachora ramani ya Ngorongoro ya kubandika ukutani wageni waione, kivuli cha milima juu ya rangi za mwinuko. Mwenzangu anang'ang'ania mwanga utoke kusini-mashariki, mimi nasema kaskazini-magharibi. Nani yuko sahihi? Na mbona rangi zimekuwa tope?

dereva_safari: Mwenzako. Mi nashusha wageni kreta asubuhi, jua linatoka mashariki, Desemba ndo kusini-mashariki kabisa. Ramani isidanganye watu.

mwalimu_mstaafu: Tope ni kivuli kimezidi tu. Punguza opasiti ya kivuli iwe 40, basi.

fundi_ramani: Dereva, jua unalijua kuliko mimi, ila shida iko kwenye macho ya msomaji, tumezoea mwanga unatoka juu, na juu ya karatasi ni kaskazini. Ukimulika toka kusini-mashariki, ukuta wa ndani wa kreta upande wa juu kushoto unang'aa na wa chini kulia unakuwa mweusi, jicho linaona kilima. Shimo la mita 600 linageuka kichuguu! Kijana, igeuze ramani yako juu chini uone, ingawa si macho ya kila mtu yatadanganywa sawasawa.

Mwalimu, hapo umepatia nusu. Kwa 40 tope linapungua kweli, lakini na kuta za kreta zinafifia. Chanzo ni hiki, mwanga ukiwa nyuzi 45 ardhi tambarare haitoki nyeupe, inatoka 181 kati ya 255, sasa ukizidisha kivuli na rangi kwa Multiply, kila rangi ya sakafu ya kreta inapoteza karibu asilimia 30, na haifanani tena na ile ya kwenye ufunguo wa ramani. Msomaji analinganisha anakosea mwinuko. Tengeneza kivuli kama faili lake:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32736 -r bilinear ngoro.tif ngoro_utm.tif
gdaldem hillshade -az 315 -alt 45 ngoro_utm.tif kivuli.tif
```

Kisha kwenye QGIS weka Max ya kivuli iwe 181, Blending mode Multiply. Tambarare inabaki na rangi yake halisi, giza linabaki kwenye miteremko tu. Hasara ni kwamba miteremko inayoangalia mwanga nayo inakuwa nyeupe tupu kwenye kivuli, umbo lake dogo dogo linapotea.

mama_endulen: Mnabishana jua wakati rangi yenyewe ndo uongo. Chini kijani juu kahawia, kwa hiyo Oldupai kukavu kule panaonekana malisho, na msitu wa ukingoni unaonekana jangwa. Mgeni alishaniuliza kwa nini hatuhamishii ng'ombe kule kwenye kijani.

fundi_ramani: Hilo kweli, mama. Mi ningeanza na rangi ya mchanga chini, halafu kijivu juu.

mwalimu_mstaafu: Watoto wamefundishwa kijani ni chini miaka yote, utawachanganya.

kijana_karatu: Nimeweka 181, sakafu imefunguka. Nimeigeuza pia, mwenzangu kaona kilima, dereva mwenzie bado anaona shimo. Rangi tunachapa mbili, ya kijani na ya mchanga, tuulize watu wa Endulen ipi wanasoma vizuri.