Ulinganisho: mediani ya data inayoendelea kuingia, malundo mawili au orodha iliyopangwa?

Fundi_Seva

Wakuu, habari za leo. Nina seva inayopokea maombi ya malipo, na kila ombi likimalizika naandika limechukua milisekunde ngapi, namba nzima bila sehemu. Nataka skrini ya ofisini ionyeshe mediani ya tangu asubuhi, ibadilike kila ombi jipya linapoingia. Wastani wa kawaida umetusumbua: ombi moja likikwama hadi likatwe, yaani milisekunde 30000, wastani unaruka na watu wanadhani seva imekufa.

Kupanga orodha nzima upya kila mara nimeshakuondoa kwenye hesabu. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni malundo mawili: nusu ya namba ndogo inakaa kwenye lundo ambalo kubwa yao iko kileleni, na nusu ya namba kubwa kwenye lundo ambalo ndogo yao iko kileleni. Ya pili ni orodha moja iliyopangwa, namba ikiingia inachomekwa mahali pake kwa `bisect.insort`. Kusoma mediani ni rahisi kote kuwili. Ninachouliza ni gharama ya kuingiza namba moja. Natumia Python, na maombi ni kama 50 kwa sekunde.

bintiMuheza

Kaka, malundo ya nini? `insort` inatafuta mahali kwa kukata nusu kwa nusu, kwa hiyo hata ukiwa na namba milioni inalinganisha kama mara 20 tu. Hiyo ni log n, sawa na lundo. Halafu mediani unaichukua katikati ya orodha, basi. Mimi naitumia kwenye ripoti za mizani ya mazao na haijawahi kunichelewesha.

Kasri77

Mkuu, malundo hayatakufaa. Namba ya zamani ikitoka kwenye dirisha lako la dakika tano utaifutaje ikiwa imezama katikati ya lundo? Nilikwama hapo hapo kwenye vipimo vya joto vya jokofu la chanjo.

Fundi_Seva

Kasri77, kwangu hakuna dirisha. Namba ikishaingia haitoki mpaka saa sita usiku, ndipo naanza upya.

Nyundo

Fundi, swali lako la gharama lina jibu zuri ukitenganisha kazi mbili: kulinganisha na kuhamisha.

Kwenye kulinganisha, dada bintiMuheza yuko sahihi. Tofauti inakuja baada ya mahali kupatikana. Orodha ya Python ni safu ya anwani zilizobanana, kila moja baiti 8. Ukichomeka namba katikati, zote zilizo mbele yake lazima zisogee nafasi moja. Kwa data isiyo na mpangilio, hiyo ni nusu ya orodha. Ukiwa na namba milioni 1, kila ombi jipya linasogeza kama megabaiti 4.

Tumia hesabu zako mwenyewe. Maombi 50 kwa sekunde ni 4,320,000 kwa siku. Karibu na saa sita usiku, nusu ya orodha ni namba 2,160,000, sawa na megabaiti 17 kwa kila ombi. Zidisha kwa 50: zaidi ya megabaiti 860 kila sekunde zinasogezwa ili kuchomeka namba 50. Asubuhi hutaona kitu. Kadiri siku inavyokwenda ndivyo itakavyokuwa nzito, na usiku wa manane inakuwa nyepesi tena. Ukiona mchoro wa matumizi ya kichakato una umbo hilo, sababu ni hiyo.

Malundo mawili hayana kusogeza kwa namna hiyo. Hivi ndivyo ninavyoandika:

```python
from heapq import heappush, heappushpop

chini, juu = [], []   # chini: nusu ya namba ndogo, zimegeuzwa alama; juu: nusu ya namba kubwa

def ingiza(x):
    if len(chini) == len(juu):
        heappush(chini, -heappushpop(juu, x))
    else:
        heappush(juu, -heappushpop(chini, -x))

def mediani():
    if len(chini) > len(juu):
        return -chini[0]
    return (juu[0] - chini[0]) / 2
```

Alama ya kutoa ipo kwa sababu `heapq` kwa miaka yote iliweka ndogo kileleni. Python 3.14 imeleta `heappush_max` na wenzake, ila seva nyingi bado hazijafika huko.

Fundi_Seva

Mkuu Nyundo, nimeusoma mara kadhaa ila sijaona kwa nini namba ipite kwenye lundo moja ndipo iende jingine. Unaweza kunipitisha kwa namba halisi?

Nyundo

Chukua 120, 95, 310, 88, 30000, 130, kwa mpangilio huo.

120 inaingia, malundo yote tupu, inaishia chini. Mediani 120. Inakuja 95: chini imezidi kwa moja, kwa hiyo zamu ni ya kuongeza juu. Lakini 95 haistahili kwenda juu. Inabaki chini, na 120 iliyokuwa kileleni ndiyo inayopandishwa. Mediani (95 + 120) / 2, yaani 107.5.

310: malundo yamelingana, zamu ni ya chini. 310 inabaki juu, 120 inashushwa. Mediani 120. 88: inabaki chini, 120 inapanda tena, tunarudi 107.5. Sasa lije lile ombi lako lililokwama, 30000. Linabaki juu, 120 inashuka, mediani ni 120. Wastani wa namba hizo tano ni 6122.6, na ndio uliokuwa unawatisha ofisini. Mwisho 130: zamu ni ya juu, na 130 ni kubwa kuliko 120 iliyo kilele cha chini, kwa hiyo inapita moja kwa moja bila kumwondoa mtu. Mediani 125.

Umeona kuna aina mbili za kuingia. Namba ikiangukia upande wenye zamu, inapita tu. Ikiangukia upande mwingine, mtu mmoja anavushwa. Kwa data isiyo na mpangilio, kuvusha hutokea karibu nusu ya mara zote. Hapo ndipo gharama ilipo, na watu wengi hawaitazami.

Kuingia bila kuvusha ni rahisi: namba inawekwa mwisho wa lundo, inapanda ngazi moja au mbili kwa kawaida, inatulia. Kuvusha ni kazi kamili pande zote mbili. Kule inakotoka, mrithi wa kilele lazima atafutwe kutoka juu mpaka chini. Kule inakokwenda, aliyevushwa anawekwa mwisho na ndiye anayestahili kilele, maana alikuwa mpakani, kwa hiyo anapanda ngazi zote bila kusimama. Ukiwa na namba milioni 1, kila lundo lina 500,000 na kina cha ngazi 18. Kuvusha ni kama hatua 36 na ushee. Ukichanganya na zile nyepesi unapata wastani wa hatua kama 20 kwa namba. Tazama: ni 20 zile zile za `insort`, ila hapa hakuna megabaiti 4 za kusogeza.

bintiMuheza

Nimekuelewa kuhusu kusogeza. Lakini mizani yangu inaandika vipimo kama 5000 kwa siku. Nusu yake ni kilobaiti 20, kompyuta inazisogeza kwa mkupuo. Bado sioni kwa nini nibebe malundo mawili na alama za kugeuza. Na orodha yangu inanipa pia robo ya kwanza na ya tatu bure, malundo yako yanatoa katikati tu.

Nyundo

Kwa vipimo 5000 usibadilishe chochote. Na hoja ya robo ni ya kweli: malundo haya yanajua sehemu moja tu ya data, pale yanapokutana. Ukitaka robo, unajenga jozi nyingine yenye uwiano tofauti. Mpaka wa `insort` kuanza kulemea unategemea mashine na mpangilio wa data. Data ikija inapanda, kila namba inaingia mwishoni na hakuna kinachosogea kabisa. Ikija inashuka, zote zinasogea. Pima kwa data yako.

Kasri77

Na sisi wenye dirisha?

Nyundo

Kasri, unaweza kuacha namba iliyotoka ibaki ndani ya lundo ikiwa na alama kwamba imekufa, kisha uitupe siku ikifika kileleni. Sharti moja: unapopima kama malundo yamelingana, hesabu zilizo hai, usitumie `len`. Kosa hilo linatoa mediani iliyopinda kidogo, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Fuatilia pia urefu wa malundo. Dirisha ni lile lile lakini lundo linarefuka: waliokufa wamezama na hawafiki juu. Lijenge upya. Ila kama dirisha lako lina vipimo mia chache, fuata njia ya bintiMuheza: unaitafuta iliyotoka kwa `bisect` na kuifuta, unachomeka mpya kwa `insort`, umemaliza.

Kokotoa

Samahani kuingia kati, nadhani wote mmepita kitu kilicho wazi. Fundi amesema ni milisekunde nzima na hakuna inayozidi 30000. Basi kwa nini kutunza namba zote? Weka safu ya vihesabio 30001. Ombi la milisekunde 120 linaongeza moja kwenye kihesabio cha 120. Shika kiashiria cha mahali mediani ilipo na idadi ya zilizo chini yake, ukisogeza kiashiria inapobidi. Kumbukumbu haikui hata mwaka mzima. Malundo ya Nyundo yanabeba kila namba: baiti 8 za anwani na 28 za namba yenyewe kwenye Python, kwa maombi 4,320,000 ni kama megabaiti 155 kila usiku.

Nyundo

Kwa data hiyo vihesabio vinashinda, sina ubishi. Angalizo ni kiashiria: kikikutana na pengo kubwa kinaruka vihesabio vitupu kimoja kimoja. Data ikicheza kati ya 80 na 30000 kwa usawa, kila ombi linaweza kukutembeza karibu 30000. Kwa malipo ya kawaida haitokei, lakini siku mtandao wa benki ukiyumba na nusu ya maombi yakatwe, ndiyo siku unayoihitaji skrini. Mti wa Fenwick, yaani muundo unaotunza jumla za makundi ya vihesabio, ukiwekwa juu ya vihesabio hivyo unaondoa hofu hiyo: hatua 15 za kuongeza, 15 za kutafuta, data iwe na umbo lolote.

Fundi_Seva

Nashukuru wakuu. Kuna jambo sikulisema: mwezi ujao tunaongeza huduma ya pili inayopima kwa sehemu za milisekunde, kama 0.37, na maombi yake mengi hayafiki hata milisekunde 2. Vihesabio bado?

Kokotoa

Zungusha hadi sehemu ya mia ya milisekunde. Ukizungusha kila namba hadi iliyo karibu, mediani haiwezi kukosea zaidi ya nusu ya hatua yako, yaani 0.005. Vihesabio vinakuwa milioni 3, bado ni vichache kuliko maombi ya siku moja ya huduma yako ya kwanza.

Nyundo

Milioni 3, karibu zote tupu, kwa huduma ambayo namba zake nyingi zinabanana chini ya 2? Hapo mimi ningerudi kwenye malundo, yanafuata data ilipo bila kuuliza mipaka. Fundi, hiyo huduma ya pili itapokea maombi mangapi kwa sekunde?

Fundi_Seva

Hawajaniambia. Nitauliza kesho.