Naomba ushauri: bosi wa zamani tuliyeachana vibaya anatakiwa awe mdhamini wangu

Habari zenu wakuu. Nimefanya usaili wa uhasibu kampuni moja hapa Dar, umeenda vizuri. Sasa wamenitumia fomu ya wadhamini, na mmoja lazima awe msimamizi wangu wa mwisho kazini. Hapo ndipo usingizi ulipoisha.

Yule bosi tuligombana kuhusu malipo ya saa za ziada. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka, nikakabidhi vitabu vyote kwa saini. Bado aliapa mbele ya wenzangu kwamba "nitaona nitaajiriwa wapi".

Cheti cha utumishi ninacho, maana sheria ya ajira ya 2004 inamlazimu mwajiri kukitoa. Ila kinathibitisha tu cheo na muda niliofanya kazi, tabia hakigusi.

Nimewaza kumwandika mhasibu mkuu wa wakati ule, ambaye ndiye aliyekagua kazi zangu kila mwezi, naye ameshahama. Je, niwaeleze rasilimali watu mapema sababu ya kumruka bosi, au wataanza kunishuku? Waliowahi kuajiri, mkipiga simu huwa mnauliza nini hasa?